ef_search niweke ngapi? Upana wa utafutaji katika faharasa ya HNSW

Swali: Nina makala 500,000 kwenye PostgreSQL, kila moja na vekta ya namba 768. Nimejenga faharasa ya HNSW kwa pgvector bila kugusa mpangilio wowote. Nikiomba makala 50 zinazofanana, zinakuja 40. Nikichuja kwa lugha, zinakuja nne au tano. Halafu kuna makala ninazojua kabisa zinafaa lakini hazitokei. Mwenzangu ananiambia niongeze `ef_search` tu. Niweke ngapi, na nitapoteza kasi kiasi gani?

Jibu: Hiyo 40 unayoiona ndiyo `ef_search` yenyewe. pgvector ikisakinishwa huwa imewekwa 40, na faharasa haiwezi kurudisha rekodi nyingi kuliko hapo hata ukiandika `LIMIT 50`. Ukiipandisha hadi 50 au zaidi, tatizo la kwanza linaisha papo hapo. La makala zinazopotea nalo linahusu `ef_search`, ila namba yake huwezi kuambiwa na mtu, lazima uipime kwenye data yako. La kichujio cha lugha lina dawa nyingine, na ukijaribu kulitibu kwa `ef_search` peke yake utalipa kasi nyingi kwa faida ndogo. Kwa hiyo mwenzako ana haki kwenye mambo mawili kati ya matatu.

Tuanze na kinachotokea ndani. HNSW ilielezwa na Malkov na Yashunin mwaka 2016. Ni grafu ambayo kila vekta ni nodi, na kila nodi ina viungo kwenda kwa majirani wachache walio karibu nayo. Grafu hiyo ina matabaka. Tabaka la chini kabisa lina nodi zote 500,000. Kila nodi inapoingizwa hupewa kimo chake kwa bahati nasibu, na kwa `m = 16`, yaani kikomo cha viungo vya nodi kwenye matabaka ya juu, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye pgvector, takriban nodi moja katika kila 16 hupanda tabaka linalofuata. Kwako ni kama nodi 31,000 kwenye tabaka la kwanza, karibu 2,000 kwenye la pili, 120 hivi kwenye la tatu, na chache za kuhesabika juu yake.

Utafutaji huanzia kileleni. Kwenye kila tabaka la juu mtafutaji hushika nodi moja tu, huangalia majirani wake, huhamia kwa aliye karibu zaidi na vekta ya swali, na asipopata aliye karibu zaidi hushuka. Hatua hizi ni chache na ni za haraka. Kazi ya matabaka ya juu ni kumfikisha mtafutaji kwenye eneo linalofaa. `ef_search` haihusiki huko kabisa. Inaanza kufanya kazi tabaka la chini, ambako kila nodi ina viungo hadi 32, yaani mara mbili ya `m`.

Hapo chini mtafutaji hubeba orodha mbili. Moja ni ya matokeo bora aliyoyaona mpaka sasa, na ukubwa wake hauzidi `ef_search`. Nyingine ni ya nodi zinazosubiri kufunguliwa, yaani zile ambazo majirani wao hawajaangaliwa. Kila mara huchukua inayosubiri iliyo karibu zaidi na swali, hupima umbali wa majirani wake, na jirani huingia kwenye orodha zote mbili ikiwa matokeo hayajajaa au ikiwa yuko karibu kuliko wa mwisho kwenye matokeo. Matokeo yakizidi, aliye mbali zaidi anatolewa. Kazi inakoma pale nodi iliyo karibu zaidi kati ya zinazosubiri inapokuwa mbali kuliko wa mwisho kwenye matokeo yaliyojaa.

Sharti hilo la kukoma ndilo linaloamua kila kitu unacholalamikia. Tulifuate kwa mkono kwenye grafu ndogo. Namba iliyo pembeni ya kila herufi ni umbali wake kutoka kwenye swali:

```
A(9) -- B(6) -- D(5) -- G(8)
A(9) -- C(7) -- E(4) -- F(2)
```

Tunaingilia A. Jibu sahihi ni F, lenye umbali wa 2.

Ukiwa na upana wa 1, yaani `ef_search` ya 1, unafungua A na kuona B na C. B ni bora, anabaki peke yake kwenye matokeo. Unafungua B, unampata D mwenye 5, anachukua nafasi. Unafungua D, unaona G mwenye 8, hafai. Hakuna kinachoweza kuboresha 5, kazi imekwisha, na jibu ni D. Njia ya kupitia C haikuguswa kwa sababu C mwenye 7 alionekana mbaya kuliko B.

Ukiwa na upana wa 2, baada ya kufungua A matokeo ni B na C. Unafungua B, D anaingia, C anasukumwa nje. Unafungua D, hakuna kipya. Anayesubiri sasa ni C peke yake, lakini umbali wake ni 7 na wa mwisho kwenye matokeo ni B mwenye 6. Sharti la kukoma limetimia. Jibu bado ni D, ingawa uliongeza upana mara mbili.

Ukiwa na upana wa 3, matokeo baada ya A na B ni D, B na C, kwa sababu aliyesukumwa nje ni A. D anafunguliwa, G hafai. Zamu ya C ikifika, umbali wake wa 7 hauzidi wa mwisho, kwa kuwa wa mwisho ni yeye mwenyewe. Anafunguliwa, anamleta E mwenye 4, na E anamleta F mwenye 2. Umepata jibu sahihi kwa kupima umbali mara saba badala ya mara tano.

Makala zako zinazopotea ni akina F. Ziko karibu kabisa na swali, ila njia ya kuzifikia inapita kwenye nodi iliyoonekana ovyo na ikasukumwa nje mapema. Mfano huo unaonyesha pia kwa nini kuongeza kidogo wakati mwingine hakubadilishi chochote na kuongeza kidogo tena kunabadilisha: swali moja moja huruka ghafla kutoka kukosa hadi kupata. Mstari laini unaopanda huonekana tu ukichukua wastani wa maswali mengi.

Sasa gharama. Matokeo yakishakamilika, kila nodi iliyobaki kwenye orodha imeshafunguliwa, kwa hiyo idadi ya nodi zinazofunguliwa haipungui `ef_search`. Kila moja ina majirani hadi 32. Nodi 40 zina viungo hadi 1,280, nodi 100 hadi 3,200, nodi 200 hadi 6,400. Vipimo halisi vya umbali huwa pungufu, kwa sababu majirani wengi ni walewale na aliyekwisha kupimwa hapimwi tena. Muda basi hukua takriban sambamba na `ef_search`: ukiiongeza mara mbili, tarajia tabaka la chini kuchukua karibu mara mbili. Ukamilifu wa majibu, yaani sehemu ya majibu sahihi ambayo faharasa inayapata, haukui hivyo. Hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha kila nyongeza huleta kidogo kuliko iliyotangulia. Kazi yako ni kujua mstari wako unaanza kulala wapi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni diski. Vekta ya namba 768 inachukua baiti 3,080 kwenye pgvector, na ukurasa wa PostgreSQL ni kilobaiti 8. Ukijumlisha orodha ya majirani, kila ukurasa wa faharasa unabeba nodi mbili tu, kwa hiyo faharasa yako ina kama gigabaiti 2. Karibu kila kipimo cha umbali kinagusa ukurasa mwingine, na kwa upana wa 100 swali moja linaweza kugusa hadi megabaiti 25 zilizotawanyika. Wakati huo `shared_buffers`, kumbukumbu ambamo PostgreSQL hushikilia kurasa, isipobadilishwa ni megabaiti 128. Kama RAM ya mashine haitoshi kuihifadhi faharasa nzima, kuongeza `ef_search` kutakuumiza kuliko hesabu ya vipimo inavyoonyesha, maana sasa unasubiri diski. Dalili yake ni hii: swali lilelile la kwanza ni zito, la pili ni jepesi mara nyingi zaidi. Tazama kwa `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`. Ukiona `read` ni kubwa na `hit` ni ndogo, shughulikia kumbukumbu kwanza. Aina ya `halfvec`, iliyopo tangu pgvector 0.7.0, huhifadhi kila namba kwa baiti mbili na kukaribia kupunguza faharasa hiyo nusu. Kwa utafutaji wa makala hasara yake kwa kawaida ni ndogo, na ningeijaribu kabla ya kununua mashine kubwa.

Kupima ni kazi ya nusu siku na inakuondolea kubahatisha. Chukua maswali 200 hivi ambayo watumiaji wako wameyauliza kweli, yageuze kuwa vekta, kisha pata majibu ya uhakika kwa kuizima faharasa:

```sql
BEGIN;
SET LOCAL enable_indexscan = off;
SELECT id, vekta <=> $1 AS umbali
FROM makala ORDER BY vekta <=> $1 LIMIT 50;
COMMIT;
```

Hapa hifadhidata inapitia rekodi zote 500,000, kwa hiyo itachukua muda, lakini unafanya mara moja na kuhifadhi. Halafu washa faharasa na urudie maswali yaleyale kwa 50, 80, 120, 200 na 400:

```sql
BEGIN;
SET LOCAL hnsw.ef_search = 120;
SELECT id, vekta <=> $1 AS umbali
FROM makala ORDER BY vekta <=> $1 LIMIT 50;
COMMIT;
```

Kwa kila swali hesabu ni majibu mangapi kati ya 50 ya faharasa yamo kwenye 50 za uhakika, gawa kwa 50. Yakiwa 47, ukamilifu ni 0.94. Andika wastani, na pembeni yake andika pia swali lililofanya vibaya kuliko yote na muda wa asilimia 5 ya maswali yaliyochelewa zaidi. Wastani wa 0.97 unaweza kuficha maswali machache yenye 0.5, na hayo ndiyo watumiaji watakayokuja kulalamikia.

Kuna makosa mawili yanayoharibu kipimo hiki. La kwanza ni kutumia vekta za makala zilizomo ndani ya jedwali kama maswali. Kila moja ina majirani wake tayari kwenye grafu na jibu lake la kwanza ni yenyewe kwa umbali wa sifuri, hivyo namba zitatoka nzuri kuliko hali halisi. Maswali ya watu ni mafupi, yameandikwa kwa namna nyingine, na mara nyingi vekta zake zinaangukia pembeni ya makala, mahali ambapo grafu ni ngumu zaidi kupitika. La pili ni makala zilizorudiwa. Kama habari moja imeingizwa mara tatu, vekta tatu zina umbali uleule, na faharasa ikichagua nakala tofauti na ile ya uhakika utahesabu kosa lisilokuwepo. Linganisha kwa umbali: jibu lolote ambalo umbali wake hauzidi ule wa jibu la 50 la uhakika ni sahihi.

Ukishapata jedwali lako, chagua `ef_search` ndogo kabisa inayofikia ukamilifu unaouhitaji. Kwa `LIMIT 50` na mpangilio wako wa sasa ningeanza kuangalia 100, na nisingeshangaa ukiishia kati ya 100 na 200. Kiwango cha juu pgvector inachokubali ni 1000. Usinakili namba za watu wanaotumia programu nyingine bila kuangalia mwanzo wao: hnswlib huanza na 10 na FAISS huanza na 16.

Ikiwa umebadilisha `ef_search` na hakuna kilichotikisika, si muda wala majibu, basi mabadiliko hayajafika. Mara nyingi ni kwa sababu `SET` ya kawaida inashika kwenye muunganisho mmoja tu. Programu ikipitia PgBouncer, inayogawana miunganisho ya hifadhidata, nayo ikiwa imewekwa kugawa kwa kila muamala, amri yako inaweza kwenda kwenye muunganisho mmoja na swali likaenda kwenye mwingine. Ndiyo sababu hapo juu nimeandika `SET LOCAL` ndani ya `BEGIN`. Sababu nyingine ni kwamba faharasa haitumiki kabisa. Ili itumike, `ORDER BY` lazima iwe na alama ya umbali yenyewe, kwa kupanda, pamoja na `LIMIT`. Ukiandika `ORDER BY 1 - (vekta <=> $1) DESC` ili kupata alama za kufanana, PostgreSQL itapitia jedwali zima. Vivyo hivyo ukijenga kwa `vector_l2_ops` kisha ukauliza kwa `<=>`, ambayo inahitaji `vector_cosine_ops`. Utalijua hilo ukiona `Seq Scan` kwenye mpango wa swali.

Kuna hali nyingine: unaongeza, muda unapanda kama ilivyotarajiwa, lakini ukamilifu umeganda. Umetoka 200 hadi 400 na umepata robo ya asilimia. Hapo tatizo liko kwenye grafu, na upana wa utafutaji hauwezi kuunda kiungo ambacho hakikuwekwa wakati wa kujenga. Grafu yako ilijengwa kwa `m = 16` na `ef_construction = 64`. Hiyo ya pili ni upana uleule, ila unatumika kutafuta majirani wa kila nodi inapoingizwa. Ukiwa mdogo, nodi zinaunganishwa na majirani ambao si bora, na kosa hilo hubaki mle. Jenga upya hivi, na ufute ya zamani baada ya kupima:

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY makala_hnsw2 ON makala
USING hnsw (vekta vector_cosine_ops)
WITH (m = 16, ef_construction = 200);
```

Ningebadilisha `ef_construction` kwanza na kuiacha `m`, kwa sababu `m` kubwa huongeza viungo vya kupima kwenye kila swali milele, wakati `ef_construction` unailipia siku ya kujenga tu, na kila unapoingiza rekodi mpya. Kabla ya kujenga, ipandishe `maintenance_work_mem` ili grafu nzima ikae kwenye kumbukumbu. Isipotosha, PostgreSQL itakutaarifu kwamba grafu haitoshei tena, na kuanzia hapo ujenzi unakuwa wa polepole sana.

Inabaki ile ya lugha. Faharasa haijui chochote kuhusu safu ya `lugha`. Inatoa rekodi zake 40, kisha PostgreSQL inazichuja. Kama makala za lugha unayoitaka ni asilimia 10 ya jedwali na zimetawanyika, katika 40 zitabaki nne kwa wastani, ndicho unachokiona. Ili upate 50 kwa njia hiyo ungehitaji `ef_search` ya 500, na bado kuna maswali yatakayopungukiwa.

Tangu pgvector 0.8.0 kuna utafutaji wa awamu. Rekodi zilizobaki baada ya kichujio zisipotosha, faharasa inaendelea kuchimba kutoka ilipoishia:

```sql
SET LOCAL hnsw.iterative_scan = strict_order;
```

`strict_order` huhifadhi mpangilio sahihi wa umbali. `relaxed_order` huruhusu majibu kupishana kidogo na kwa malipo hayo hukosa machache zaidi. Kichimbaji hicho kina kikomo, `hnsw.max_scan_tuples`, ambacho kimewekwa 20,000. Kwa lugha yenye asilimia 10 unahitaji kupitia kama rekodi 500 kupata 50, hujakaribia hata kikomo. Kwa lugha yenye sehemu moja katika elfu ungehitaji 50,000, kwa hiyo itakoma mapema na kukupa kama 20.

Kama lugha unazochuja ni chache na zinajulikana, jenga faharasa ya kila moja kwa kuongeza `WHERE lugha = 'sw'` mwishoni mwa `CREATE INDEX`. Kila grafu itakuwa na nodi za lugha hiyo tu, na `ef_search` itarudi kuwa na maana yake ya kawaida. Zile lugha adimu, zenye makala 500 katika hizo 500,000, usizitafutie grafu kabisa. Weka faharasa ya kawaida ya B-tree kwenye safu ya `lugha`, PostgreSQL ichukue hizo 500 na kuzipima zote. Vipimo 500 ni pungufu ya vile ambavyo HNSW ingeweza kufanya kwa upana wa 40, na hakuna hata makala moja itakayokosekana.